Kuomba kubadilishiwa saa za kazi kwa majaribio yanayopimika

"Niko idara ya hesabu, na kazi yangu ni kushughulikia ankara za wauzaji hadi zilipwe. Tunaingia saa 2:00 asubuhi na kutoka saa 11:00 jioni, lakini mimi nahitaji kuondoka saa 9:30 alasiri kwa sababu ya mtoto, na niko tayari kuingia saa 1:00. Nilipomgusia meneja alijibu kwamba akiniruhusu mimi, kila mtu ataomba. Mwenzangu ananishauri niombe majaribio ya wiki mbili, niahidi kwamba kazi itaongezeka, na ikibidi nikubali kupunguziwa mshahara. Je, nifanye hivyo?"

Mwenzako amekuelekeza njia sahihi aliposema uombe majaribio, lakini mambo mengine matatu aliyoyaongeza yanaweza kukuharibia ombi. Wiki mbili hazitoshi kuonyesha chochote katika kazi ya ankara, ahadi ya kuongeza kazi ni deni utakalojibebesha bila sababu, na mshahara haupaswi kuingia kabisa katika mazungumzo haya.

Nianze na mshahara, kwa kuwa ndio unaoumiza zaidi ukikosewa. Sasa unakaa kazini saa 9, na nikichukulia kwamba saa moja ni ya chakula cha mchana, unafanya kazi saa 8. Ukiingia saa 1:00 asubuhi na kutoka saa 9:30 alasiri, ukapumzika nusu saa badala ya saa nzima, unafanya kazi saa zilezile 8. Unachoomba ni kuhamisha saa, wala hupunguzi hata moja, na mtu anayehamisha saa hana cha kukatwa. Ukitaja mshahara wewe mwenyewe, unamfundisha meneja kuliona ombi lako kama kazi pungufu, na baada ya hapo utatumia muda wako wote kuliondoa wazo ambalo hakuwa nalo. Hakikisha tu kwamba mapumziko ya nusu saa yanaruhusiwa na mkataba wako na kanuni za kazi zinazokuhusu, kwa sababu mahali pengi mapumziko yana kiwango cha chini kisichoweza kupunguzwa hata kwa hiari ya mfanyakazi. Ikiwa ni lazima yawe saa nzima, hesabu yako itabadilika na itakubidi uingie saa 12:30 asubuhi au utoke saa 10:00.

Sasa tuje kwa meneja wako. Nimekaa miaka mingi upande wa pili wa meza, katika idara ya utumishi, nikipokea maombi kama lako pamoja na malalamiko ya mameneja walioletewa maombi hayo, na nimeona kwamba meneja anayesema "kila mtu ataomba" kwa kawaida hana shida na saa 9:30 yenyewe. Anachoogopa ni kutoa ruhusa ambayo hataweza kuirudisha. Akikubali leo na mambo yakaharibika mwezi ujao, itambidi akunyang'anye kitu ulichokwisha kukizoea na kukipangia maisha ya nyumbani, tena mbele ya wenzako, na hakuna meneja anayependa mazungumzo ya namna hiyo. Kwa hiyo anakataa mwanzoni, mahali ambapo kukataa hakumgharimu kitu.

Hapo ndipo majaribio yanapopata nguvu yake. Yanalibadilisha swali alilowekewa mezani, kutoka "je, nimruhusu kwa kudumu?" hadi "je, niruhusu tuone hadi tarehe fulani, nikijua kwamba siku hiyo ratiba ya zamani inaweza kurudi bila ugomvi?" Swali la pili lina hatari ndogo, na hivyo ni rahisi kulikubali. Lakini nguvu hiyo ipo tu ikiwa majaribio yanaweza kurudishwa kwa kweli. Nimewaona watu wakiomba majaribio huku kila neno katika barua yao likionyesha kwamba wameshaamua, na meneja hulihisi hilo mara moja.

Kuna jambo la lugha nisingependa likupite. Katika maofisi yetu, maneno "kipindi cha majaribio" yana maana yake maalumu, yaani miezi ile ya mwanzo ya mwajiriwa mpya kabla hajathibitishwa kazini. Ukiyaandika kwenye barua yako bila kufafanua, mtu wa utumishi anayeisoma haraka anaweza kudhani ni wewe unayewekwa katika majaribio, na karatasi hiyo itakaa kwenye jalada lako. Andika "majaribio ya ratiba ya kazi", kisha uongeze sentensi moja isemayo kwamba cheo, mshahara, likizo na masharti mengine ya mkataba hayabadiliki katika muda huo wala baada yake.

Kabla ya kuandika barua yoyote, nakusihi uanze kuhesabu. Kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote ni mtu kuanza kupima siku ile ratiba mpya inapoanza, ili wiki 12 baadaye aseme kwamba ankara 93 katika kila 100 zimelipwa kwa wakati. Meneja anamuuliza swali moja tu, kwamba kabla ya hapo zilikuwa ngapi, na hana jibu. Kipimo kisicho na hali ya mwanzo hakithibitishi chochote. Unahitaji wiki 8 za takwimu chini ya ratiba ya zamani, na bahati nzuri katika kazi yako sehemu kubwa ya takwimu hizo haikulazimu kungoja wiki 8 zipite, kwa sababu mfumo wa hesabu umehifadhi tarehe ambayo kila ankara iliingia, tarehe iliyopaswa kulipwa na tarehe iliyolipwa. Rudi nyuma uzitoe. Takwimu zinazotoka kwenye mfumo zina faida nyingine pia, kwamba meneja anaweza kuzitoa mwenyewe na kuona tarakimu zilezile, ilhali jedwali ulilojaza kwa mkono wako linamtaka akuamini.

Pima mambo machache. Kwa kazi yako ningechagua matatu: sehemu ya ankara zilizolipwa kabla ya tarehe ya mwisho kupita, sehemu ya ankara zilizorudishwa kwa makosa, na maulizo yanayofika baada ya saa 9:30. Mawili ya kwanza lazima yaende pamoja. Ukipima kasi peke yake, wewe mwenyewe bila kukusudia utaanza kupitisha ankara ambazo hazijalinganishwa sawasawa na hati ya agizo na hati ya mapokezi ya bidhaa, na makosa yatajitokeza miezi miwili baadaye katika ukaguzi. Ukipima makosa peke yake, utakuwa mwangalifu kupita kiasi na malipo yatachelewa. Usipime idadi ya barua pepe ulizotuma wala dakika ulizoonekana kwenye mfumo. Hivyo ni vipimo vya kuonekana, na anayetaka kutoka mapema hushindwa navyo daima, hata kazi yake ikiwa safi.

Kipimo cha tatu kinahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ndicho kinachogusa hofu halisi ya meneja: nani atajibu saa 10:00 wewe ukiwa umeondoka? Hiki hakimo kwenye mfumo, kwa hiyo itakubidi ukihesabu kwa mkono kwa wiki 8 kuanzia sasa. Kila siku, kuanzia saa 9:30 hadi saa 11:00, andika kila swali linalokujia kwa simu, kwa barua pepe au kwa mtu kusimama mezani kwako: limetoka kwa nani, lilihusu nini, na je, lingeweza kungoja hadi kesho saa 1:00 asubuhi. Kwa hili la mwisho usijihukumu mwenyewe kwa upole. Swali "lisiloweza kungoja" ni lile ambalo likilala hadi asubuhi linasababisha adhabu ya kuchelewa, malipo kukosa kuingia katika mkupuo wa benki wa siku hiyo, au mtu mwingine kusimama kazi yake akikungojea.

Nikupe mfano wa hesabu, nawe uweke tarakimu zako mahali pa hizi. Tuseme unashughulikia ankara 240 kwa mwezi. Katika wiki 8 umepitisha 480, na kati ya hizo 446 zililipwa kwa wakati, yaani karibu 93 katika kila 100. Zilizorudishwa kwa makosa ni 14, karibu 3 katika kila 100. Siku za kazi zilikuwa 40, na baada ya saa 9:30 ulipokea maulizo 52. Kwa tarakimu hiyo peke yake meneja angeweza kusema kwamba hawezi kukuachia, kwa sababu ni zaidi ya swali moja kila siku. Lakini ukiyachambua moja moja unakuta kwamba 43 yangeweza kungoja hadi asubuhi na 9 tu hayangeweza. Halafu ukiangalia tarehe za hayo 9, unagundua kwamba 7 yaliangukia siku tatu za mwisho za kila mmoja wa miezi hiyo miwili, yaani siku 6 za kufunga hesabu. Katika siku nyingine zote 34 zilizobaki, yalikuwa mawili.

Hesabu hii inakuambia namna ya kulijenga ombi lenyewe. Badala ya kuomba kutoka saa 9:30 kila siku, omba kutoka saa 9:30 siku zote isipokuwa siku tatu za mwisho za kila mwezi, ambazo utafuata ratiba ya zamani. Najua kwamba siku hizo tatu utahitaji mtu wa kumpokea mtoto, na hilo si dogo. Lakini kwa kuzitoa siku hizo umeondoa sehemu kubwa ya hatari anayoiona meneja, na umefanya hivyo kwa kutumia takwimu za ofisi yake mwenyewe. Katika maombi yote niliyopata kuyashughulikia, hakuna jambo lililobadilisha uso wa meneja kama kuona kwamba mwombaji ameitambua shida yake kabla hajaitaja.

Sasa kuhusu ahadi. Usiahidi kwamba utafanya kazi zaidi. Ahidi kwamba kazi haitashuka chini ya kiwango fulani mlichokubaliana. Sababu yake si unyenyekevu, ni hesabu. Ankara 5 zikichelewa kwa sababu muuzaji mmoja alileta nyaraka pungufu, kiwango chako cha mwezi kinashuka kwa asilimia 2 bila uhusiano wowote na saa unayoondoka. Tarakimu za mwezi mmoja hupanda na kushuka zenyewe. Ukiahidi ongezeko kisha mwezi ukawa mbaya kwa bahati tu, umeshindwa kwa maneno yako mwenyewe. Na hata ukifanikiwa kwa kujikamua, kiwango kipya ulichofikia ukiwa umejikaza kitakuwa ndicho unachodaiwa mwaka mzima. Zaidi ya hayo, ombi lako halihitaji ongezeko. Unaomba kufanya kazi ileile kwa saa nyingine, na inatosha kuonyesha kwamba kazi ni ileile.

Njia rahisi ya kuweka kiwango hicho ni kutazama miezi 6 iliyopita na kuchukua mwezi uliokuwa mbaya kuliko yote. Kama sehemu ya ankara zilizolipwa kwa wakati ilikuwa asilimia 94, 91, 95, 92, 93 na 90, basi sakafu yako ni 90, kwa sababu ofisi imewahi kuishi na kiwango hicho chini ya ratiba ya zamani bila mtu kuilaumu ratiba. Si njia ya kitaalamu sana kwa mtu wa takwimu, lakini meneja anaielewa papo hapo na ni ya haki kwa pande zote mbili. Vivyo hivyo kwa makosa: kama mwezi mbaya kuliko yote ulikuwa na ankara 4 zilizorudishwa katika kila 100, hiyo 4 ndiyo dari. Epuka tu kuanza majaribio mara baada ya mwezi wako bora, ukautumia huo kama kigezo, kwa sababu mwezi unaofuata mwezi bora karibu kila mara huwa wa kawaida, na kawaida hiyo itaonekana kama anguko.

Tuje kwenye muda. Majaribio yanapaswa kuwa marefu kiasi cha kupitia sehemu ngumu ya kazi zaidi ya mara moja, na sehemu ngumu ya kazi yako ni kufunga hesabu za mwezi. Wiki mbili zinaweza kupita bila kugusa mwisho wa mwezi hata mara moja, na meneja mwenye busara atakuambia kwamba hajaona lolote. Pendekeza wiki 12, lakini uangalie tarehe ya kuanza. Ukianza tarehe 1, wiki 12 zinaisha kabla ya mwezi wa tatu kufungwa, nawe unabaki na mifano miwili tu. Ukianza katikati ya mwezi, muda uleule unashika mwisho wa miezi mitatu. Wiki mbili za mwanzo zitakuwa na mikwaruzo, watu watakutafuta saa 10:00 kwa mazoea, nawe utakuwa hujaizoea asubuhi. Zihesabu katika jumla, lakini zionyeshe pia peke yake ili zisimtishe mtu.

Kabla ya kuonana na meneja, zungumza na yule mwenzako atakayekuwepo saa zile usizokuwepo. Sisisitizi hili kwa ajili ya adabu peke yake. Ratiba nyingi za namna hii hufa kwa sababu mtu wa tatu aliubeba mzigo kimya kimya kwa mwezi mzima, kisha akachoka na kwenda kwa meneja peke yake. Mwambie wazi kwamba kwa tarakimu ulizonazo, katika siku 51 za ratiba mpya unatarajia maulizo ya haraka kama matatu hivi, umwonyeshe mahali faili zilipo, na umpe kitu cha kumfaa yeye pia. Wewe utakuwa ofisini saa 1:00, saa nzima kabla ya wengine, kwa hiyo unaweza kumshikia zamu asubuhi anazochelewa au kumtayarishia orodha ya malipo kabla hajafika. Kama hataki, ni heri ulijue sasa.

Hapo ndipo uombe kikao cha nusu saa na meneja. Usimvamie kwenye korido kama ulivyomgusia mara ya kwanza, kwa sababu mtu anayeulizwa akiwa anatembea hujibu kwa kujilinda. Mpelekee ukurasa mmoja siku mbili kabla, ili akutane na wazo akiwa peke yake na wasiwasi wake upate muda wa kutulia. Kiini cha ukurasa huo kinaweza kusomeka hivi:

"Naomba kufanya majaribio ya ratiba ya kazi kwa wiki 12, kuanzia tarehe 15, ambapo nitafanya kazi kuanzia saa 1:00 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, isipokuwa siku tatu za mwisho za kila mwezi, ambazo nitafuata ratiba ya sasa. Jumla ya saa za kazi haibadiliki, na masharti mengine ya mkataba wangu yanabaki kama yalivyo. Katika muda huo, ankara zitakazolipwa kwa wakati hazitapungua asilimia 90 na zitakazorudishwa kwa makosa hazitazidi asilimia 4, kama takwimu za mfumo zitakavyoonyesha. Maulizo ya haraka baada ya saa 9:30 yatashughulikiwa na mwenzangu niliyekubaliana naye, nami nitapatikana kwa simu hadi saa 11:00. Kila baada ya wiki mbili nitakuletea tarakimu hizi. Upande wowote unaweza kusitisha majaribio kwa taarifa ya wiki moja pamoja na sababu. Tutakutana katika wiki ya 11 ili kuamua, na ratiba ya majaribio itaendelea mpaka kikao hicho kifanyike."

Sentensi ya mwisho nimeipima kwa muda mrefu. Kama barua haisemi nini kitatokea siku ya mwisho, majaribio huishia hewani: wewe unaendelea kutoka saa 9:30 ukidhani umekubaliwa, meneja anadhani yalikwisha, na mtu wa kwanza kuuliza anazua mgogoro. Ukiandika kwamba ratiba itakuwa ya kudumu asipopinga, atahisi umemtegea mtego. Ukiandika kwamba ratiba ya zamani inarudi yenyewe, meneja mwenye shughuli nyingi anaweza kuahirisha kikao na wewe ukapoteza kila kitu bila mtu kuamua. Kuendelea hadi kikao kifanyike ni njia ya kati, na nimeona mameneja wakiikubali mradi kikao kiwe kimeshaandikwa kwenye kalenda zenu zote mbili kabla ya siku ya kwanza ya majaribio.

Hoja ya "kila mtu ataomba" itarudi, na jibu lake si kwamba wewe ni tofauti na wengine. Ukijibu hivyo umemthibitishia kwamba anaombwa upendeleo. Mwambie kwamba mwingine akiomba, aombwe aonyeshe mambo yaleyale: takwimu za wiki 8, mtu wa kushika zamu, kiwango cha chini na tarehe ya kuamua. Asiyeweza kuyaonyesha hatapata, na meneja atakuwa na kanuni ya kuegemea badala ya kuamua kwa sura ya mtu. Waajiri wengine wamekwisha kulitatua suala hili kwa saa za msingi, yaani saa ambazo kila mtu lazima awepo, huku mwanzo na mwisho wa siku vikiachwa huru. Mtindo huo una umri mrefu: kampuni moja ya kutengeneza ndege karibu na Munich, Ujerumani, ilianza kuutumia mwaka 1967. Ukipendekeza saa za msingi kuwa saa 3:00 asubuhi hadi saa 9:00 alasiri, ratiba yako inaingia ndani yake bila kuwa jambo la pekee.

Kuhusu mtoto, sentensi moja ya kweli inatosha. Huna haja ya kumficha, lakini usimfanye kuwa hoja yenyewe, kwa sababu meneja akikubali kwa huruma atajiona anakufadhili, na fadhila huisha. Mambo ni tofauti pale ambapo sheria inakupa haki maalumu kutokana na ujauzito, kunyonyesha, ugonjwa au ulemavu. Hapo sababu ndiyo msingi wa ombi na inapaswa kuandikwa.

Majaribio yakishaanza, kuna dalili tatu za kuangalia, ambazo vipimo vyako haviwezi kuzionyesha. Ya kwanza ni saa zako mwenyewe. Andika kila siku muda uliofanya kazi kwa kweli, pamoja na ule wa usiku baada ya mtoto kulala. Ukiona wiki inafika saa 45 ili tarakimu zibaki nzuri, ratiba haifanyi kazi, na ripoti nzuri unayoipeleka inaficha gharama ambayo utailipa wewe. Ya pili ni vikao vinavyosogea taratibu hadi saa 10:00. Kubali viwili kwa mwezi kwa taarifa ya siku moja na uviandike. Vikizidi, lipeleke suala hilo kwa meneja mapema, usingoje wiki ya 11. Ya tatu ni mwenzako wa zamu. Muulize kila wiki amepokea maulizo mangapi, na usiridhike na jibu la "hakuna shida".

Ripoti ya wiki mbili iwe ya mistari mitatu, wala usiipambe. Mwezi ukishuka hadi asilimia 89, andika 89, eleza ni ankara zipi na kwa nini, na useme kama zingechelewa hata ungekuwepo hadi saa 11:00. Meneja anayeletewa habari mbaya na mhusika mwenyewe huziamini pia zile nzuri.

Kumbuka pia kwamba majaribio yanakupima hata wewe. Jaribio maarufu la kampuni ya usafiri ya Kichina iitwayo Ctrip, lililoanza mwishoni mwa mwaka 2010 na kuendelea kwa miezi 9, lilihusu kufanya kazi nyumbani na si kubadilisha saa, lakini lina funzo linalokuhusu. Utendaji wa waliofanya kazi nyumbani ulipanda kwa asilimia 13 ukilinganishwa na wa wenzao waliobaki ofisini, na bado waliposhirikishwa kuchagua upya baada ya majaribio, zaidi ya nusu ya washiriki walibadilisha uamuzi wao. Tarakimu zilikuwa nzuri, lakini watu walikuwa wamejifunza kinachowafaa. Inawezekana ukagundua kwamba kuamka mapema kila siku kunakuchosha kuliko ulivyodhani, na ukaamua kwamba siku tatu kwa wiki zinatosha. Kulisema hilo katika kikao cha wiki ya 11 si kushindwa.

Meneja akikataa, muulize ni jambo gani lingepaswa kuwa tofauti ili akubali, kisha uandike jibu lake kwa barua pepe fupi ya shukrani. Kama jibu ni "sina mamlaka", mzigo umehamia idara ya utumishi na unaweza kumwomba akusindikize huko. Kama ni hofu ya zamu, punguza ombi liwe siku mbili kwa wiki kwa wiki 12. Kama hatoi sababu yoyote, omba tarehe ya kulizungumza tena baada ya miezi 3, na uendelee kukusanya takwimu. Usitishie kuacha kazi isipokuwa uko tayari kuiacha wiki hiyohiyo. Na niseme ukweli: kuna kazi ambazo njia hii haizifai, kama ile ya mapokezi au ya zamu, ambapo kuwepo kwa mtu saa fulani ndiyo huduma yenyewe. Kazi yako si ya namna hiyo, na ndiyo maana naona una nafasi nzuri.

Yapo mazingira ambayo ushauri wa maandishi kama huu hautoshi. Ukiletewa karatasi ya kusaini inayobadilisha mshahara, cheo au aina ya mkataba wako kwa sababu ya ombi hili, usisaini siku hiyo. Ukinyimwa kwa maneno yanayotaja ujauzito, ulemavu au kuwa kwako mzazi, au ukianza kupewa onyo na kazi za kukuchosha mara baada ya kuomba, mwone mtu ana kwa ana: kiongozi wa chama cha wafanyakazi kama kipo, ofisa kazi wa serikali, au wakili wa masuala ya ajira. Shirika la Kazi Duniani lina mkataba kuhusu wafanyakazi wenye majukumu ya familia, Mkataba namba 156 wa mwaka 1981, lakini nguvu yake inategemea kama nchi yako imeuridhia na sheria zake zinasemaje, na hilo ndilo swali la kumuuliza mshauri huyo kwanza. Nenda ukiwa na mkataba wako wa ajira, nakala ya ombi, majibu uliyopewa yakiwa na tarehe zake, na lile jedwali la wiki 8.